Mume Kaenda, Jina Limegoma

Kuchukua jina la mume ni mteremko: unapeleka cheti cha ndoa, unajaza fomu, na vigelegele bado vinasikika. Kulirudisha ndiko kupanda mlima. Hapa Kenya ofisi hazina haja ya kujua nani alimkosea nani. Zinataka amri kamili ya talaka yenye muhuri wa mahakama. Ukipeleka ile amri ya muda inayotangulia, karani anaipindua, anakutazama juu ya miwani, kisha anakwambia, "Mama, wewe bado ni mke wa mtu."

Kazi huanzia kwenye kitambulisho, kwa sababu pasipoti, benki na KRA wote husoma jina kutoka hapo. Nambari haibadiliki, ni ileile niliyopewa nikiwa msichana. Hata hivyo, kulipata jina la baba kwenye kadi ni mpaka utiwe wino vidoleni upya, upewe kikaratasi cha kusubiria, usubiri. Kikaratasi chenyewe benki hawakitazami mara mbili.

Kadi ilipotoka, ofisini kwetu, ambako ombi la likizo hulala mezani mwezi mzima, walinibadilishia jina siku hiyohiyo. Mshahara ukaondoka kwa jina la baba, ukakuta akaunti bado ina jina la mume, ukarudi ulikotoka. Mhasibu akasema tatizo ni la benki. Benki wakasema tatizo ni la mwajiri. Mwenye nyumba hakujali tatizo ni la nani, alitaka kodi yake. Kwa hiyo dada yangu, ukipita njia hii, mwambie mhasibu asiguse kitu mpaka benki wakupe barua kuwa akaunti imebadilishwa.

Na hao benki hawaridhiki na kitambulisho pekee. Walitaka pia cheti cha PIN ya KRA chenye jina jipya, pamoja na nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama. Halafu wakanipa kadi nitie sahihi mpya. Mkono umezoea herufi ya yule bwana kwa miaka! Nikatia ya kwanza, ya pili ikatoka na mkia wake, ya tatu ikawa mchanganyiko wa koo mbili. Binti wa kaunta akaniambia kwa upole, "Mama, hizi hazifanani." Akaleta kadi nyingine.

Pasipoti niliiacha mwisho. Maombi ni ya eCitizen, na pasipoti ya zamani unaikabidhi ukienda kupigwa picha. Usikate tiketi ya ndege katikati ya shughuli hii, maana jina la tiketi lazima lifanane na la pasipoti utakayoshika siku ya safari, si lile unaloitwa nyumbani.

Atakayekuja kuniposa baada ya haya, mahari tutaelewana. Jina lake abaki nalo.