Jinsi ya Kutangaza Blanketi kwa Watu Wasiokusikiliza

Anza na furaha. Dodoma haina tangazo la heshima lisiloanza na furaha ya mwenye mali: "Uongozi wa duka letu unayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wake wapendwa wa ndani na nje ya mkoa wa Dodoma kwamba..." Hapo yamekwenda maneno 20. Redio imekuuzia sekunde 30, na msomaji asiyekurupuka hubeba humo maneno kama 60. Theluthi ya fedha yako imeliwa na furaha, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akikusikia amekwisha kata kona bila kujua kama unauza blanketi au unafungua chuo.

Ukishamaliza kufurahi, taja bei mara moja, kwa haraka, kisha usiirudie. Sema "elfu kumi na tano". Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "tatu" na "tano" zote mbili hupanda kwenye "ta", halafu kile kinachozitofautisha hushushwa chini, na huko ndiko kunakokaa kelele za jenereta na mbuzi. Mteja atafika na elfu kumi na tatu mkononi, naye ataapa kuwa ndiyo bei uliyoitangaza. Mtakapogombana, watu watajaa. Umati huo ndio utakaokuwa faida yako ya siku.

Wachuuzi wenye roho ndogo hukwepa ugomvi huu kwa kuitaja bei mara mbili kwa njia mbili: "Elfu kumi na tano. Noti mbili tu, nyekundu moja na ya elfu tano." Elfu kumi na tatu haipatikani kwa noti mbili, kwa hiyo sikio likiteleza kwenye tarakimu, pochi inalisahihisha. Ni mbinu nzuri, ila inaua burudani.

Sasa bango la mnadani, mahali utakapouzia. Liandikie macho, maana ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Weka "Tsh. 15,000/=", weka mabano, weka nyota ndogo inayoelekeza chini kwenye "vigezo na masharti kuzingatiwa". Usijisumbue kufikiri kwamba bango la mnadani husomwa na mmoja na kusikilizwa na watano: bibi anauliza limeandikwaje, kijana anamsomea kwa sauti. Mwache kijana apambane na zile alama mbili za mwisho. Nyota hataisoma kabisa, na masharti yako yatabaki siri kati yako na mchapishaji.

Saa mwachie fundi wa kompyuta. Ataandika "8:00", kijana atasoma "saa nane", na bibi aliyepaswa kufika asubuhi atatokea jua la mchana wakati wenye haraka wameshakula nyama choma na kuondoka. Anayetaka watu wafike mapema huandika kwa maneno, "saa mbili asubuhi", na kabla ya kuchapa humkabidhi mtu asiyejua habari ile alisome kwa sauti. Anapokwama ulimi ndipo pa kurekebisha.

Mwisho ni spika ya bandani, ile inayozungusha rekodi moja kutoka asubuhi hadi jioni. Irekodi kama hotuba: utangulizi, historia ya blanketi, kisha bei mwishoni. Tatizo dogo ni kwamba mnadani hakuna anayekuta mwanzo. Mpita njia huingia katikati ya sentensi, na baada ya hatua chache amekwisha tekwa na spika ya jirani. Kila kipande anachookota kinapaswa kuwa na bidhaa na bei pamoja. Ukiwa mvivu wa kuhutubia, utaishia na kitu kama hiki:

"Blanketi! Blanketi zito la watu wawili, elfu kumi na tano. Noti mbili tu: nyekundu moja na ya elfu tano. Msalato mnadani, Jumamosi hii, kuanzia saa mbili asubuhi. Blanketi, noti mbili!"

Ni maneno 30. Redioni yanasomwa mara mbili ndani ya sekunde zako zile zile, na bandani unaondoa mahali na saa, kwa kuwa anayekusikia ameshafika. Bangoni yanakaa kama yalivyo. Uongozi haukupata nafasi ya kufurahi, lakini Juni usiku Dodoma ni baridi, na mwenye baridi haulizi hali ya uongozi.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakatengeneza rekodi mbili, ya asubuhi na ya alasiri iliyoshushwa bei. Hiyo ya pili ihifadhi kwenye simu, usiichanganye na ya kwanza kwenye memori kadi moja. Ikijipiga yenyewe saa tatu asubuhi, hata mara moja, wateja wote watahamia kwenye vibanda vya nyama kuisubiri alasiri, na watakuomba uongeze sauti ili wasipitwe.