Chupa Kumi za Chai kwa Shilingi 25,000

Mama Neema alinirushia video ya muuza vyombo wa Kariakoo, sekunde 48 tu. "Baba Neema, niandikie bei kwenye jedwali, wenzangu wa kikundi wanasubiri." Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala, nikazima sauti, nikaandika nilichokiona.

Nilichokiona kilikuwa hivi: mkono unainua hotpoti, chini pameandikwa 18,000. Unainua vikombe, 45,000. Sahani, 15,000. Mwisho inakuja namba ya simu ya duka, na juu yake 2,500. Chupa ya chai, iliyotangulia, haikuwa na bei. Basi ile 2,500 iliyobaki yatima nikaipa chupa. Vikombe vya 45,000 vilinishtua kidogo, nikajisemea labda ni vya udongo mzuri.

Kikundi kikashangilia chupa. Wakaagiza kumi, Mama Neema akatuma 25,000. Baada ya dakika tano simu ikaita: "Dada, nimeona hela yako. Chupa ni elfu kumi na nane. Nikupe moja na chenji?"

Sitaelezea nilivyotazamwa.

Usiku ule nilirudia video, safari hii kwa sauti. Aliyeihariri alichelewesha maandishi: bei ya kila chombo ilitokea pale chombo kinachofuata kilipokwisha kuinuliwa. Dalili nilikuwa nayo tangu mwanzo, bidhaa ya kwanza haina bei na bei ya mwisho haina bidhaa. Hapo jedwali zima limeteleza mstari mmoja.

Muuzaji mwenyewe alitaja bei akiwa ameshika chombo, kwa hiyo sauti ndiyo iliyonionyesha bei ipi ni ya kipi. Lakini nayo peke yake haitoshi. Ya sahani alisema "mbili na nusu", na sokoni hiyo yaweza kuwa 2,500 au laki mbili na nusu. Maandishi ndiyo yaliyoamua. Sauti pia ilinipa kipimo, ambacho hakikuandikwa popote. Nikasimamisha video kila chombo kilipoinuliwa, nikaandika upya:

| Sekunde | Bidhaa | Kipimo | Bei (Sh) | Sharti |
|---|---|---|---|---|
| 04 | Chupa ya chai, lita 2 | moja | 18,000 | – |
| 15 | Hotpoti | seti ya 3 | 45,000 | – |
| 27 | Vikombe | dazani | 15,000 | kuanzia dazani 3 |
| 38 | Sahani | moja | 2,500 | – |

Safu ya sekunde ni ya wabishi: anayetilia shaka bei afungue video hapo hapo, asikie mwenyewe. Safu ya sharti ilituokoa kwenye vikombe, maana dazani moja pekee haiuzwi bei ile. Palipo na kistari, muuzaji hakusema kitu, nami sikumsemea.

Chupa moja ilikuja, ipo mezani. Chenji ya 7,000 ilirudishwa kwa simu, ikafika pungufu ya makato, na pengo hilo nililijaza mimi.