Mjomba Hayumo Kwenye Fomu

Nimehitimu. Joho nilikodi, picha nilipiga, na sasa nipo Morogoro mjini natafuta kazi, yaani nina muda wa kutosha wa kulalamika. Leo zamu ni ya mhadhiri aliyenisimamia utafiti wa mwaka wa tatu. Kosa lake ni kunitendea wema halafu akakataa kulipwa.

Ripoti ya utafiti ilitakiwa Ijumaa. Ilikuwa masika, ule wakati ambao Milima ya Uluguru haionekani kwa mawingu na barabara za huko zinapitika kwa dua. Jumanne ikaja simu kutoka Kinole: mjomba mkubwa ana nimonia, kazidiwa, analetwa mjini. Aliletwa mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, binamu nyuma, mgonjwa katikati akitoa maelekezo ya namna ya kukata kona.

Najua msomaji wa mikoa mingine keshaguna: mjomba tu? Ndugu yangu, kwa Waluguru hakuna “mjomba tu”. Ukoo wetu hufuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya ukoo inapita njia hiyohiyo, na mwenye kauli juu ya mtoto ni kaka wa mama. Baba tunampenda na tunamheshimu, lakini kikao cha mahari, cha msiba au cha kijana aliyeshindikana hakianzi mpaka mjomba akohoe. Safari hii alikuwa anakohoa kweli, na kila mtu akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mpwa niliye mjini.

Nikaenda ofisini na shida yangu. Nikapewa fomu. Mgonjwa ni nani wako? Visanduku vinne: baba, mama, mwenza, mtoto. Nikauliza mjomba namweka wapi. Karani akasema mjomba hayumo. Nikasema huyu ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kwa ndizi na pilipili manga. Akasema hata hivyo hayumo. Akataka na uthibitisho wa hospitali, nikamwonyesha daftari la mgonjwa, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akalitazama kama vile mjomba ndiye mwanafunzi na mimi nimekuja kumwombea uhamisho.

Ndipo nikampigia msimamizi wangu, Dokta, nikiwa nimejiandaa kulia. Hakunipa nafasi. Aliuliza usiku nani anamlaza mgonjwa, sura zipi za ripoti zimekamilika, na iliyobaki inahitaji siku ngapi kwa mtu anayeandikia wodini. Hakuuliza mjomba ni ndugu wa namna gani. Akaniambia niandike barua leo, kabla ya Ijumaa, kwa sababu barua inayofika kabla ya tarehe ni ombi, na inayofika baada ya tarehe ni utetezi. Niseme nini kimetokea na lini, nimefika wapi, ninaomba mpaka tarehe gani. Niambatanishe sura zilizokwisha, aone kazi ipo na haianzi leo. Picha ya mgonjwa akiwa na dripu nisitume, hakuna anayetoa maksi kwa dripu.

Halafu akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka mwisho kurudi nyuma. Kikao cha matokeo cha idara kina tarehe, na hiyo si yake kuisogeza. Maksi ziwe zimefika kabla ya hapo. Kabla ya maksi lazima asome. Kilichobaki katikati ndicho anachoweza kunigawia. “Jumatatu ya wiki ya pili,” akasema. “Ukivuka hapo si mimi tena. Hapo ni kuahirisha rasmi, na utavaa joho na wadogo zako.” Hakutaja kwamba mwaka wa nyongeza hauji na bumu. Mambo ya kutisha sana huwa hayasemwi.

Hapo ndipo lawama zangu zinapoanza. Mtu ukinyimwa muda unakuwa na heshima yako: utafeli, utasimulia mpaka uzeeni jinsi ulivyoonewa. Dokta alinipokonya simulizi hiyo. Nikaandika ripoti kwenye benchi la wodi, uji upande huu, laptopu upande huu, nesi akinikumbusha kwamba soketi ile si ya ndugu wa wagonjwa.

Mbaya zaidi, mada yangu ilikuwa matuta ya ngazi, yale Waingereza waliyowalazimisha Waluguru kuchimba katika miaka ya 1950, hadi fujo zikazuka Matombo mwaka 1955 na mpango wenyewe ukaachwa. Vitabu vinaeleza vizuri: udongo wa juu wenye rutuba ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali unaufukia na kuinua udongo wa chini usio na kitu. Mjomba alipopata nafuu akasikia nikisoma. Mwaka ule alikuwa mtoto mdogo, lakini alikuwa na ushahidi wa mama yake. “Andika,” akaamuru, “mweusi ulikwenda chini, mwekundu ukaja juu, mahindi yakawa ya njano. Na waliochimba ni wanawake. Hilo umeandika?” Sikuwa nimeliandika.

Nikamuuliza Dokta kama naweza kumtumia mgonjwa wangu. Akasema subiri akili na pumzi vitulie, mweleze yatatumika wapi, akikubali andika tarehe na mahali. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba jina lake litangulie la kwangu.

Ripoti ikafika Jumatatu. Mjomba akapona, akarudi Kinole, akateremsha jogoo. Jogoo mwenyewe wa heshima, aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Dokta akamtazama akasema maksi bado hazijatoka, na zawadi kwa mtu aliyeshika maksi zako ina jina lingine hata ikiwika. Ile sheria ya rushwa ya mwaka 2007 haikumtenga jogoo. Nikasubiri matokeo, nikarudi na jogoo, sasa mnene kuliko mimi. Akasema kazi ile alilipwa mshahara. “Ukitaka kushukuru, andika unachoshukuru.”

Nikaudhika. Asante si inajulikana? Nikakaa chini niiandike, nikashindwa kupita “asante kwa muda ulionipa”. Ikabidi nifungue ile ripoti aliyonirudishia na maoni yake pembeni, na kila oni lina saa yake. Sura ya kwanza na ya pili kazisoma mchana, kama binadamu, wiki ile niliyotuma barua. Zilizobaki, zile zilizochelewa, saa saba usiku, saa nane, saa nane na nusu. Siku alizonipa hazikuwa za idara wala za chuo, maana tarehe ya kikao haikusogea. Alizikata kwenye siku zake za kusomea, na wenzangu wote walikuwa wamekwisha kukabidhi kwa wakati, nao wakimsubiri.

Basi Dokta, shikamoo. Nakushukuru kwa usiku wako. Nakushukuru pia kwa kuuliza nani anamlaza mgonjwa badala ya kuuliza ni nani wangu. Nimeandika kama ulivyotaka, ila sijafurahi, kwa sababu jogoo bado yuko kwangu na mwenye nyumba ameanza kulalamika.

Mjomba naye anakusalimu. Ameisikia habari ya fomu na anasema masika yakiisha atateremka mwenyewe. Anataka kumjua aliyeitunga: ni mtoto wa nani, na mjomba wake yuko wapi.