Hotuba Kuu Juu ya Sayansi ya Sare, Iliyotolewa Masisi na Mtaalamu Mwenyewe

Mheshimiwa Mwami, Bwana Mkuu wa teritwari, mapadri na wachungaji, marefa mliokuja na filimbi zenu shingoni, akina mama wa sokoni, na ninyi wajumbe wa timu za Walikale mliofika kwa pikipiki mkiwa na tope hadi kwenye nyusi: nawasalimu. Nawapongeza pia, kwa kuwa si kila teritwari hupata bahati ya kunisikia.

Mtaniuliza nimesomea wapi sayansi ya sare. Swali hilo huulizwa na wivu, kwa hiyo nitalijibu kwa upole. Mimi ni Mkongomani. Mwaka 2015, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Gini ya Ikweta, Leopards wetu walicheza mechi tatu za kundi, wakatoka sare zote tatu, wakafuzu. Mwaka 2024, kule Kodivaa, wakacheza tatu, wakatoka sare zote tatu, wakafuzu tena. Wengine huzaliwa kwenye familia ya wafalme. Mimi nimezaliwa kwenye taifa la pointi moja moja.

Basi tuingie darasani. Mwenye simu aizime, isipokuwa anayenirekodi.

Kila raundi ya mwisho ya kundi inaweza kuleta mechi ambayo sare inazipeleka mbele timu zote mbili. Ikifika hapo, mpira unakuwa mgeni uwanjani. Wote mnakumbuka, au mtajifanya mnakumbuka, Gijón ya Kombe la Dunia, tarehe 25 Juni 1982. Aljeria ilikuwa imemaliza mechi zake jana yake, Wajerumani na Waaustria wakaingia wakijua hesabu yote, Ujerumani ikafunga bao moja mapema, matokeo yaliyowatosha wote wawili kama sare tamu, na muda uliobaki wakapigiana pasi za ujirani mwema. Aljeria ikarudi nyumbani. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza saa ileile kwa pamoja, na wakubwa wa FIFA wakalala usingizi wakidhani ugonjwa umepona.

Haukupona. Hapo ndipo wataalamu wa kawaida wanaponyamaza na mimi ninapoanza.

Twendeni Luanda, tarehe 18 Januari 2010, Kombe la Mataifa ya Afrika. Angola wenyeji wana pointi 4, Aljeria 3, Malawi 3, Mali 1. Angola inacheza na Aljeria Luanda, na saa ileile Mali inacheza na Malawi Cabinda. Sare inawatosha Waangola. Waaljeria haiwatoshi bado, kwa sababu Malawi iliwachapa 3-0 na ikipata hata sare tu Cabinda itakaa juu yao. Kwa hiyo refa anapopuliza filimbi, Aljeria ina kila sababu ya kushambulia. Kanuni ya saa ileile inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Inafanya kazi kwa dakika tatu. Kanouté anafunga Cabinda dakika ya kwanza, Seydou Keita anaongeza dakika ya tatu, Mali inaongoza 2-0, na habari inafika Luanda kabla mashabiki hawajakaa vizuri. Sasa Mali ikishinda itafikisha pointi 4. Aljeria ikitoka sare itafikisha 4 pia, na kanuni ya mashindano ilisema timu zikilingana pointi, kwanza tazama zilipokutana zenyewe kwa zenyewe. Zilikuwa zimekutana, Aljeria ikashinda 1-0. Kwa hiyo ghafla sare inazitosha Angola na Aljeria zote mbili. Jamani, oneni uchungu wa jambo hili: Wamali ndio waliofunga mabao, na mabao yaleyale yakawapa wapinzani wao ruhusa ya kupumzika. Luanda ikaisha 0-0, Cabinda 3-1. Mali ikatoka na pointi 4 na malalamiko. Na aliyefaidika ni nani? Aljeria, yuleyule aliyelia Gijón.

Sisemi kwamba walikula njama. Mimi ni mwanasayansi, na hakimu yupo hapo mbele amekaa. Nasema hawakuhitaji kula njama. Angola ikifunga, Aljeria inabaki na pointi 3 na kwenda nyumbani. Aljeria ikifunga moja, Angola inabaki na 4 sawa na Mali. Angola na Mali walitoka 4-4 walipokutana, tofauti ya mabao ya kila mmoja ingekuwa moja, na Mali ingepita kwa kuwa ilifunga mabao 7 dhidi ya 6. Anayeshambulia anaacha nyuma wazi, na anayefungwa anafungasha virago. Katika hali hiyo hata malaika angerudisha pasi kwa kipa.

Sasa shikeni viti vyenu. Badilisheni mstari mmoja tu wa kanuni: timu zikilingana pointi, anza na tofauti ya mabao ya kundi zima. Mali ilifunga 7 ikafungwa 6, imebaki na moja juu. Aljeria ilifunga 1 ikafungwa 3, iko mbili chini. Kwa kanuni hiyo, 0-0 ya Luanda inamtoa Aljeria. Angelazimika kushambulia hadi dakika za lala salama, na Angola ingelazimika kujilinda kama mtu mwenye mali. Mechi ileile, wachezaji walewale, nyasi zilezile. Kilichobadilika ni karatasi mfukoni mwa katibu.

Naona mzee mmoja wa Walikale amenyanyua kidole. Najua unachotaka kusema, baba: tofauti ya mabao nayo ina kichaa chake. Timu iliyokwisha kutolewa inaweza kufungwa 11 na jirani yake siku ya mwisho, kwa huruma au kwa kreti mbili za bia, na kundi zima likaharibika. Ni kweli. Ndiyo maana napendekeza anayeongoza kundi apangiwe mechi ya mwisho na anayemfuata, siyo na mkia wa kundi. Keti, baba, umeuliza vizuri. Nilikuwa nimekwisha kulifikiria.

Je, kuna timu inayoweza kukataa sare iliyo mezani? Ipo, na imetugharimu. Tarehe 24 Januari 2024, usiku uleule Leopards walipotoka 0-0 na ndugu zetu Watanzania kule Korhogo, Moroko ilicheza na Zambia San Pédro. Sare ingeipa Zambia pointi 3 na nafasi ya kupita angalau kama mshindi wa tatu bora. Moroko ilikuwa tayari imepita. Wote wangelala vizuri. Kodivaa, wenyeji waliokuwa wamefungwa 4-0 siku mbili kabla, walikuwa wamekaa na pointi 3 zenye tofauti ya mabao mbovu, wakisali. Moroko ikafunga dakika ya 37, Ziyech, ikashinda 1-0. Kodivaa ikapita kwa mlango wa nyuma. Tarehe 7 Februari, kwenye nusu fainali, Kodivaa hiyohiyo ikatufunga sisi 1-0. Kwa hiyo mnaposifu uaminifu wa Wamoroko, sifieni kwa sauti ya chini mkiwa karibu nami.

Funzo la kitaalamu ni hili: nafasi za mshindi wa tatu huongeza mechi zenye sare tamu, na kundi linalocheza mwisho linajua bei kamili ya pointi. Wanaotangulia hununua gizani.

Sasa tushuke Masisi. Tuseme mnaandaa kombe, na kundi moja lina timu nne: Sake, Nyabiondo, Walikale na Mubi. Uwanja mmoja, wenye mteremko. Mpira mmoja. Kucheza saa ileile kwa pamoja haiwezekani. Hata mkipata uwanja wa pili na mpira wa pili, mkacheza moja Nyabiondo na nyingine Walikale, kuna kijana atapanda kilima kushika mtandao na kushuka na matokeo. Mtaitambua sare ya kupangwa hata bila kuwa mimi: mpira wa kurusha unachukua muda wa kupika ugali, mabeki wanapigiana pasi bila mtu kuwakimbilia, na kipa anainama kufunga kamba za viatu vya plastiki ambavyo havina kamba.

Nimevumbua dawa. Chezeni kipindi cha kwanza cha mechi ya kwanza, kisha kipindi cha kwanza cha mechi ya pili, kisha cha pili cha kwanza, kisha cha pili cha pili. Hakuna atakayejua hesabu! Tafadhali, makofi.

Ndiyo, mama wa mihogo, nakusikia. Unauliza: wale wanaocheza kipindi cha mwisho kabisa si watajua kila kitu? Mama ameligusa jambo ambalo nilikuwa naelekea kulitaja. Ndiyo maana dawa hii ni ya daraja la pili. Dawa ya daraja la kwanza ni kwamba apite mmoja tu kutoka kila kundi. Wawili hawawezi kuwa wa kwanza. Sare inaweza kumshibisha mmoja, lakini mwenzake analala njaa, na mwenye njaa hushambulia. Hasara yake ni kwamba kombe linakuwa na mechi chache na kiingilio kidogo, na nawaona wahasibu wa kamati wanatikisa vichwa. Watikise. Wakishindwa kabisa na wakataka wapite wawili, basi tofauti ya mabao ianze, na wa kwanza apewe nusu fainali kwenye uwanja wa nyumbani, ili hata aliyekwisha kupita awe na kitu cha kupoteza.

Ila nawakataza kitu kimoja: msitunge kanuni za ujanja usiku wa manane. Mchujo wa Kombe la Karibi la 1994 uliamua kwamba bao la dhahabu la muda wa nyongeza lihesabiwe mawili. Barbados ilihitaji kuishinda Grenada kwa mabao mawili. Ikaongoza 2-0, ikafungwa moja dakika ya 83, na dakika ya 87 ikajifunga yenyewe kwa makusudi ili mechi iende muda wa nyongeza. Grenada wakagundua kwamba bao lolote, kwenye goli lolote, litawavusha. Kwa dakika zilizobaki, Barbados walilinda magoli yote mawili. Wakafika muda wa nyongeza, wakafunga, na kitabu kikaandika 4-2. Mtunzi wa kanuni ile alikuwa mtaalamu pia, lakini hakuwa mimi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti wa kamati, kabla ya mechi ya kwanza bandikeni karatasi ya kanuni kwenye mlango wa soko: anapita mmoja, tofauti ya mabao kwanza, kiongozi na anayemfuata wakutane mwisho. Tafuteni mpira wa pili. Maswali yote yaletwe kwangu kwa maandishi, ndani ya bahasha, na bahasha isiwe na karatasi ya maswali peke yake.