Ratiba ya Mgeni

Jumatatu nimeingia ofisini saa mbili na nusu asubuhi, keki mkononi, nikamkuta mgeni wetu ameshapokelewa na mlinzi. Amekaa kwenye kiti cha getini, kapewa chai, kaoneshwa choo, jenereta na mahali bosi anapoegesha gari. Bosi mwenyewe amesimama pembeni. "Ofisa Utumishi," akaniambia mbele ya dereva na mfagizi, "mgeni ana nusu saa hapa. Ratiba uliandika ya nani?"

Niliandika ya mgeni. Wiki mbili kabla hajaja nilimtumia mialiko ya siku zote tano kwenye kalenda: nani, chumba gani, saa ngapi. Kikao cha kwanza, saa tatu asubuhi.

Hapo ndipo kuna maajabu. Kalenda ya simu haitunzi "saa tatu". Inatunza nukta moja ya wakati kwa saa za kimataifa, na kwa mwaliko wangu nukta hiyo ni 06:00, kisha kila simu inajihesabia yenyewe. Dar es Salaam inaongeza saa tatu, inasoma 09:00. Kigali, alikokuwa mgeni, inaongeza mbili, inasoma 08:00. Zote zinasema kweli! Na ukishuka uwanja wa ndege simu inajirekebisha bila kuombwa. Uzuri ulioje. Ila dada wa watu, kwa nidhamu yake, alikuwa ameichapa ratiba akiwa bado Kigali, na karatasi haijui kuvuka mpaka. Wiki nzima kaandikiwa saa moja pungufu. Tangu siku hiyo chini ya kila mwaliko naandika "saa za Dar es Salaam", hata kwa anayetoka Kibaha.

Jumanne anwani yake ya barua pepe ya kazini ilifunguliwa, na mialiko yote ikabaki kwenye ile ya binafsi. Nikaituma upya, akawa na kila kikao mara mbili.

Jumatano chumba kilikuwa na watu wa mnada.

Lakini kinachonikera si simu. Nilikuwa nimeacha mchana wa kila siku wazi, asome faili la mtangulizi wake, ajaze fomu za benki na za mfuko wa hifadhi. Wakuu wa idara wakaona uwazi, kila mmoja akajichomekea saa nzima ya "kufahamiana", maana mwenzake alikuwa nayo. Nikifuta, nina dharau. Nikiacha, naambiwa sijui kupanga. Na hao hao waliojichomeka, watatu hawakutokea. Mmoja alimtuma mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, naye akajitambulisha kwamba amefika jana.

Ijumaa, kikao cha mwisho, mimi na yeye, maoni kuhusu wiki ya kwanza. Akafungua daftari.

"Dada, samahani. Kazi inaanza lini?"

Nikamwambia nitamtumia mwaliko.