Sifa za Kinyota Kilichokaa Kando ya "Bure"

Washairi wamesifia mwezi, wali wa nazi na macho ya wasichana wa Pwani, lakini sijaona aliyekisifia kile kinyota kidogo kilichobandikwa kando ya neno "Bure" kwenye programu za kuagiza chakula. Lipa ada ya uanachama kila mwezi, inasema programu, nawe utaletewa chakula bure*. Kinyota hicho ndicho kinachobeba mzigo wote, na hakuna anayekishukuru.

Jambo lenyewe si la jana. Huko Marekani, mwaka 2018, DoorDash ilianzisha DashPass: dola 9.99 kwa mwezi, usafiri bure kwa oda kuanzia dola 15, kwa migahawa iliyomo kwenye mpango tu. Umbo ni hilo hilo kila lilikofika.

Tumlete kijana muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na tumwekee hesabu ya mfano. Ada yake ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Usafiri wa kawaida ni 3,000, kiwango cha chini cha oda ni 20,000, na ada ya huduma ni asilimia 10 ya chakula. Hii ya mwisho haina mwanachama wala mgeni. Biriani yake na kuku ni 17,000. Bila uanachama angelipa 17,000, na 1,700 ya huduma, na 3,000 ya usafiri, jumla 21,700. Lakini yeye ni mwanachama, hawezi kukubali aibu ya kulipia usafiri, kwa hiyo anaongeza juisi ya 4,000. Chakula sasa ni 21,000, huduma 2,100, usafiri sifuri. Analipa 23,100. Ameokoa 3,000 kwa kutumia 4,400. Ni nani mwingine mjini anayejali afya yako kiasi cha kukunywesha juisi ya embe ambayo hukuwa na kiu nayo?

Uzuri unazidi pale anapopata kuponi ya punguzo la asilimia 15. Chakula kinashuka hadi 17,850, naye anashangilia. Programu yake, hata hivyo, hupima kiwango cha chini baada ya punguzo, siyo kabla. Ameanguka chini ya 20,000, na usafiri wa 3,000 unarudi kimya kimya. Jumla ni 22,635. Punguzo la 3,150 limemwachia 465. Ukurasa wa malipo ulimwambia yote hayo, mstari kwa mstari. Ila nani asomaye mistari akiwa na njaa na mteja anauliza bei ya doti?

Umbali nao una hekima yake. Hupimwa kutoka mgahawani hadi pini ya ramani, wala haujali mahali ulipolipia ada. Tuseme kikomo ni kilomita tano: Upanga na Kisutu zimo, Masaki haimo. Jioni akirudi Mbagala, alama ya "Bure" hutoweka kwenye migahawa ile ile aliyoizoea mchana. Uanachama ni wa pini, yeye ni abiria tu.

Masika yakija, bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo. Mgahawa wa Magomeni, ambao kwa macho ni jirani, unageuka safari ya kuzunguka. Hapo huchomoza ada ya mvua, ambayo, tafadhali tuelewane, siyo ada ya usafiri. Usafiri bado ni bure.

Mama ntilie wa uchochoroni hayumo kwenye migahawa inayostahiki. Binti yake hupandisha sinia hadi ghorofa ya tatu bila ada, kiwango cha chini sahani moja, na sahani anairudia mwenyewe. Huduma ya kishamba kabisa: hakuna kinyota.

Lakini Kariakoo haijawahi kukosa jibu. Kijana wetu alipochoka na juisi, alianza kukusanya oda za maduka manne ya jirani. Biriani nne, mgahawa mmoja, pini moja: 68,000, mbali mno na kiwango cha chini. Akikusanya mara nne kwa mwezi hivyo, ada ya 10,000 imerudi bila tone la embe. Masharti, huko chini kwenye maandishi madogo, hukataza kuutumia uanachama kibiashara. Yeye huwatoza majirani 1,000 kila mmoja na kusisitiza kwamba hauzi usafiri, anachangisha.