Mayai Thelathini na Sita Yaliyofufuka

Mpwa wangu yuko Darasa la Saba, na kama watoto wengi wa umri wake anaamini kwamba alama anazopata ni jasho lake, ila anazokosa zimechukuliwa na mwalimu. Alhamisi moja alirudi na karatasi ya jaribio la Hisabati, akaniamkia shikamoo ya haraka haraka, ile inayotangulia ombi, akaitandaza karatasi mezani nusura iingie kwenye mchuzi wangu.

"Mjomba, nimeonewa."

Swali lililoleta kesi lilikuwa hili: Muuza duka alikuwa na mayai 240. Mayai 36 yalivunjika. Akauza trei 5, kila trei ikiwa na mayai 30. Je, alibaki na mayai mangapi? Kijana alijibu 90. Jibu la mwalimu ni 54. Katika alama 4 aliambulia 1, na pembeni kwa wino mwekundu paliandikwa: "Umesahau yaliyovunjika."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkereketa, kuliko hata alama. "Sijasahau, Mjomba! Nimeyatoa! Hebu angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Mstari wa kwanza: 240 − 36 = 204. Safi, yaliyovunjika yametolewa. Mstari wa pili: 5 × 30 = 150. Safi pia. Mstari wa tatu: 240 − 150 = 90.

"Nisomee mstari wa tatu," nikamwambia.

Akaweka kidole chini ya 240, akasoma kwa sauti ya wakili: "Mia mbili na nne, toa mia moja na hamsini..."

Alikuwa ameipitia karatasi ile darasani, kisha kwenye daladala, kisha akisubiri zamu ya bomba, na kila mara jicho lake lilimsomea alichokusudia kuandika, si kilichoandikwa. Wala hakuwa akikokotoa upya, alikuwa akijisimulia. Mtu anayejua hadithi hahitaji kutazama kitabu.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu katika duka la jumla, na sisi tuna dawa ya ugonjwa huu: mwenye kitabu hajisomei mwenyewe. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hufuata kwa kalamu. Basi nikaichukua karatasi, nikampa kalamu na ukurasa mweupe, nikaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, maana ukianzia juu hadithi inakubeba. "Tisini. Mia moja na hamsini. Mia mbili na arobaini."

Kalamu ikasimama. "Mia mbili na nne, Mjomba."

"Mimi nasoma kilichopo."

Akaninyang'anya karatasi. Akaitazama kwa muda mrefu, akaguna mguno ambao kwetu hugunwa na mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akiwa ameivaa.

Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa pembeni akichambua mchele na kesi yote kaisikia. Hakusoma sana shule, lakini aliwahi kuuza mayai sokoni. "Hebu yarudishe," akasema. "Yaliyobaki 90, yaliyouzwa 150, yaliyovunjika 36. Jumla?"

Kijana akajumlisha. "276, Bibi."

"Na alianza na mangapi?"

"240."

"Basi niuzie na mimi kuku hao, wanataga ndani ya trei."

Hapo pana ukaguzi wote wa swali la namna hii, na hauchukui hata dakika moja: rudisha kila kilichotoka, uone kama unafika ulikoanzia. Ukizidi, kuna kitu umekihesabu mara mbili au umekifufua. Ziada hapa ni 36. Mayai yaliyovunjika mstari wa kwanza yalikuwa yameamka mstari wa tatu yakiwa mazima.

Lakini mimi 36 hiyo iliniwasha kwa sababu nyingine. Dukani kwetu, fedha ikipishana na kitabu, jambo la kwanza ni kuigawa tofauti kwa 9, kabla hujamtilia shaka kijana wa kaunta. Ikigawanyika bila baki, tafuta tarakimu mbili jirani zilizobadilishana viti: 63 iliyoandikwa 36 inaleta tofauti ya 27, na 5,400 iliyoandikwa 4,500 inaleta 900. Sababu yake ni nyepesi. Tarakimu ikihama kutoka mamoja kwenda makumi, kila moja yake inakuwa kumi, yaani inapata 9 za bure; ile inayoshuka nayo inapoteza 9 kwa kila moja yake. Katika 204, ile 4 ilipanda kwenye makumi ikawa 40, ikapata 36. Sifuri ilishuka, na sifuri haina cha kupoteza.

Sasa ajabu ni kwamba mayai yaliyovunjika nayo ni 36. Kwa hiyo 9 peke yake haikuweza kutuambia kama mtoto alibadilisha tarakimu au kweli alisahau. Jibu lingekuwa 90 kwa njia zote mbili. Kinachoamua ni mstari wa kwanza, na mwalimu mwenye rundo la karatasi usiku alishaziona 90 nyingi za wasahaulifu, akaandika alichozoea kuandika. Simlaumu.

"Kwa hiyo narudi kwake kesho," kijana akasema, kifua mbele. "Njia ni sahihi. Ananidai alama 2."

"Wewe unamdai."

"Namdai."

Nikamwambia mkaguzi hakagui ukurasa mmoja. Tumalize karatasi nzima kwanza. Nilisema hivyo kwa mazoea tu. Tukaendelea, mimi nasoma, yeye anafuata, hadi tukafika swali la alama 2 lenye vema kubwa nyekundu: 20 − 8 + 5. Jibu lake: 7.

"Umepataje 7?"

"MAGAZIJUTO, Mjomba. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kujumlisha kunatangulia. 8 na 5 ni 13. 20 toa 13, 7."

Nikamweleza kwamba ile 8 imeshika alama ya kutoa, nayo haiachi hata ikihamishwa. Zinazojumlishwa ni 20 na 5, zinakuwa 25. Ndipo unatoa 8, unabaki na 17. Akabisha. Akabisha kwa nguvu, akataja MAGAZIJUTO kama shahidi, na mpaka nilipomwekea maharage mezani ndipo akanyamaza. Ukitaka kujua kosa la uzembe na kosa la kutoelewa, mtazame mtu ukimwonyesha: la uzembe huguna, la kutoelewa hubisha.

Kisha akaikumbuka ile vema. Alama 2 anazodai, alama 2 asizostahili, zote kwenye karatasi moja anayotaka kuipeleka kwa mwenye kalamu nyekundu.

"Mjomba, labda tuache tu hii rufaa."

"Peleka," akasema Bibi bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Yote mawili."

Ijumaa jioni alirudi. Alama zake zilikuwa 78 asubuhi, na zilikuwa 78 jioni. Mwalimu alimpa 2 kwa mkono mmoja, akachukua 2 kwa mwingine.

"Sasa safari yako ilikuwa ya nini?" nikamuuliza.

"Kusafisha jina, Mjomba. Amekubali sikusahau. Ameyafuta yale maneno."

Nikaichukua karatasi. Kweli, yalikuwa yamekatwa kwa mstari ulionyooka, na chini yake, kwa wino uleule mwekundu, pameandikwa: "Uzembe mtupu."